Mkulima gani anasema "mtu wa kati"? Kufupisha utafiti wa mahojiano bila kuharibu maneno ya waliohojiwa

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kufupisha makala ya utafiti kwa ajili ya mkutano wa mrejesho, katika kijiji kimoja cha safu za Uporoto, juu ya barabara inayotoka Mbeya kwenda Tukuyu. Makala ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kama ishirini, na ilihusu mahojiano waliyofanyiwa wakulima wa viazi. Nikaandika kurasa mbili za Kiswahili safi, nikachomeka nukuu nne za wakulima wenyewe, nikasimama mbele ya ofisi ya kijiji kuzisoma. Nukuu ya pili ilisema: "Mtu wa kati ndiye huamua ukubwa wa mfuko." Watu wakacheka. Mzee mmoja akanyoosha mkono akaniuliza, "Mwanangu, mkulima gani hapa anasema mtu wa kati?"

Hakuna. Wanasema dalali. Na mfuko ni wa mbolea au wa saruji. Viazi vinakaa kwenye gunia. Nilikuwa nimeitafsiri nukuu kwa uaminifu, neno kwa neno, kutoka Kiingereza cha makala, kisha nikaifungia kwenye alama za nukuu kana kwamba nilikuwepo siku inasemwa. Huku Uporoto hakuna aliyewahi kuisema.

Tangu siku hiyo nimefupisha makala nyingi za aina hii, na nimegundua kwamba kosa langu lilikuwa na mzizi mmoja. Sikuwa nimetenganisha sauti. Makala ya utafiti wa kimaelezo, yaani ule unaotegemea mahojiano na majadiliano ya vikundi badala ya hesabu, ina sauti mbili ndani yake: ya mshiriki anayesimulia maisha yake, na ya mtafiti anayesema masimulizi hayo yana maana gani. Mwanasosholojia Alfred Schutz aliziita ngazi ya kwanza na ngazi ya pili. Anayefupisha anaongeza sauti ya tatu, atake asitake. Makosa karibu yote niliyofanya, na ninayoyaona kwa wanafunzi wanaoniletea kazi zao pale Mbeya, hutokea pale sauti moja inapovaa nguo za nyingine.

Tuchukue mfano. Nautunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi, kwa hiyo usiutafute maktaba. Hakuna utafiti wala washiriki wa namna hii. Uzuri wa kuutunga ni kwamba nitakuonyesha vitu ambavyo msomaji wa makala halisi haoni, kama vile maneno ya kwanza kabisa ya mshiriki kabla hayajatafsiriwa. Tuseme watafiti walihoji wakulima 24 wa viazi mviringo kwenye vijiji kadhaa vya Rungwe na Mbeya Vijijini. Swali lao lilikuwa hili: kwa nini wakulima wanaendelea kuuza kwa lumbesa wakati wanajua kwamba hairuhusiwi? Kwa msomaji wa mbali, lumbesa ni lile gunia linalojazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kichwa cha ziada juu kwa kamba, mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wameipiga vita kwa miaka, na ipo bado.

Mada siyo dhamira

Kazi ya kwanza ni kupata dhamira za makala, na hapa wengi hukimbilia ikisiri, ule ufupisho ulio mwanzoni mwa makala. Ikisiri hutaja dhamira kwa majina tu, kwa sababu ina nafasi ya maneno mia mbili au tatu. Katika makala yetu ya mfano ikisiri ingesema kwamba dhamira tatu zilijitokeza: miundombinu, vipimo, na uhusiano na wanunuzi. Ukinakili hivyo kwenye muhtasari wako, umempa msomaji majina ya masanduku bila kumwambia kilichomo.

Virginia Braun na Victoria Clarke, wanasaikolojia walioandika mwaka 2006 makala ambayo watafiti wengi huifuata wanapochambua dhamira, wamekuwa wakikumbusha jambo hili kwa muda mrefu. Kwao dhamira ni maana inayojirudia katika masimulizi ya watu tofauti na kushikiliwa na wazo moja la katikati. Orodha ya kila kitu kilichosemwa kuhusu barabara haitoshi. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana tunayo maneno mawili tayari. Miundombinu ni mada. Dhamira ni kile watu wanachosema *juu ya* mada hiyo.

Njia ninayotumia kuzitofautisha ni ya kishamba lakini haijaniangusha: najaribu kuiandika dhamira kama sentensi kamili yenye kitenzi, ambayo mtu anaweza kuikubali au kuikataa. "Miundombinu" huwezi kuibishia. Lakini "Mkulima anakubali lumbesa pale anapokuwa hana njia nyingine ya kutoa mzigo shambani" unaweza kuibishia, na hiyo ndiyo dhamira. Sentensi hiyo huipati kwenye ikisiri. Imelala katikati ya sehemu ya matokeo, mara nyingi kwenye aya ya kwanza au ya mwisho chini ya kichwa kidogo, pale mtafiti anapoacha kuorodhesha na kuanza kusema anachokiona.

Kwa makala yetu, baada ya kusoma matokeo yote mara mbili, sentensi tatu zinatoka hivi. Ya kwanza ni hiyo ya barabara. Ya pili: mkulima haiamini mizani kwa sababu ni mali ya mnunuzi, kwa hiyo kupima kwa kilo hakumpi usalama ambao sheria inadhani kunampa. Ya tatu: dalali anayedai lumbesa mara nyingi ndiye aliyemkopesha mkulima mbolea, kwa hiyo kumkatalia ni kukatalia pia mkopo wa msimu ujao.

Angalia pia hapa sauti ni ya nani. Hakuna mkulima aliyesema "kupima kwa kilo hakunipi usalama ambao sheria inadhani kunanipa." Hayo ni maneno ya mtafiti, na muhtasari wako useme hivyo: "watafiti wanaona kwamba," "kwa tafsiri ya waandishi." Ukisema "wakulima walisema" mbele ya tafsiri ya mtafiti, umeshaweka uongo mdogo ambao hakuna alama ya nukuu itakayoufichua.

Kuna suala la wingi pia. Makala itaandika "washiriki wengi walieleza" na muhtasari utasema "wakulima wengi wa viazi Mbeya wanaamini." Hapo watu 24 wamegeuka mkoa. Watafiti wa namna hii hawachagui washiriki kwa kubahatisha ili wawakilishe idadi ya watu. Huwachagua kwa sababu wana cha kusimulia. Kwa hiyo "wengi" ya makala ni wengi wa wale 24, na asilimia usiiweke kabisa. Wenzangu wengine huhesabu nukuu na kuandika "asilimia 60 ya wakulima." Ni kama kuonja mchuzi vijiko vitano halafu ukatangaza uzito wa sufuria.

Kuchagua nukuu chache

Makala yenye kurasa ishirini inaweza kuwa na nukuu thelathini. Muhtasari wa kurasa mbili unabeba nne, tano zikizidi. Kishawishi ni kuchukua zilizo tamu. Nukuu tamu mara nyingi ni ya msemaji hodari, na msemaji hodari kwenye kila kijiji ni yuleyule: mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mstaafu, yule anayeitwa kila wageni wakija.

Kabla ya kuchagua, nachora mistari kwenye karatasi. Kushoto namba za washiriki kama makala ilivyoziandika, kulia dhamira, na kila nukuu naiwekea alama panapohusika. Inachukua robo saa. Ukiona Mshiriki 4 amenukuliwa mara tisa na nusu ya washiriki hawajasikika hata mara moja, umejifunza jambo kuhusu makala yenyewe, na unajua kwamba usimpe huyo Mshiriki 4 nafasi mbili kwenye muhtasari wako. Ukiona nukuu hazina namba kabisa, zimeandikwa tu "mkulima mmoja," huwezi kujua kama ni wakulima kumi au mmoja aliyesemeshwa mara kumi. Orodha ya COREQ ya mwaka 2007, yenye vipengele 32 vya kuripoti utafiti wa mahojiano na vikundi, inauliza jambo hilo hilo: je, kila nukuu imetambulishwa, kwa mfano kwa namba ya mshiriki? Kama haikutambulishwa, nami nasema kwenye muhtasari kwamba makala haikuonyesha nani alisema nini.

Nukuu inayowakilisha dhamira ni ile inayobeba sentensi yako ya dhamira, pamoja na sababu yake. Kwa dhamira ya mizani, mfano wetu una Mshiriki 15: "Mizani ni yake, anaisoma yeye. Mimi debe nalijua." Sentensi mbili fupi, na dhamira nzima imo. Ingekuwepo nyingine inayosema "Mizani ni wizi mtupu!" ningeiacha, ingawa ingepigiwa makofi mkutanoni, kwa sababu inatoa hasira bila kusema mizani ina tatizo gani.

Kisha weka nukuu moja inayokwenda kinyume. Watafiti makini huwa nayo, wameizika kwenye aya fupi karibu na mwisho. Kwetu ni Mshiriki 19, mwanamke aliyesema: "Mimi nilikataa. Nilibeba kwa ndoo mpaka barabarani, nikawauzia wasafiri." Anayejua Isongole, na zile ndoo za viazi zilizopangwa kando ya lami zikisubiri magari, anaona picha mara moja. Mama huyu havunji dhamira ya kwanza. Anaichora mpaka wake: aliweza kukataa kwa sababu shamba lake liko karibu na lami. Muhtasari usiomtaja unaonyesha kijiji kizima kimekunja mikono.

Mkasi

Sasa nukuu yenyewe. Huyu ni Mshiriki 7, kama alivyosikika kwenye kinasa sauti:

"Lumbesa siipendi, nani anaipenda? Ila gari likifika shambani kwangu Machi, matope mpaka magotini, dalali akisema ongeza, naongeza. Nikikataa anakwenda kwa jirani. Kiangazi siongezi hata kiazi kimoja."

Ni ndefu kidogo, na mtu mwenye haraka ataikata hivi:

"Lumbesa siipendi […] dalali akisema ongeza, naongeza. Nikikataa anakwenda kwa jirani."

Kila neno ni la kwake. Mpangilio ni wa kwake. Nukta za kukata zimewekwa kwa adabu ndani ya mabano. Na maana imegeuka, maana matope yametoweka, Machi imetoweka, na ile sentensi ya kiangazi, ambayo ndiyo ufunguo, imeachwa nje. Tumebaki na mtu mnyonge anayemwogopa dalali mwaka mzima. Mwenyewe alisema jambo la akili zaidi: nguvu ya dalali inakuja na mvua na inaondoka na mvua. Ukiipeleka nukuu hii iliyokatwa kwa ofisa wa halmashauri, atafikiria kuwabana madalali. Ukiipeleka nzima, atafikiria barabara ya shambani.

Kwa hiyo nikikata, naanza kwa kujiuliza ni maneno gani yanashikilia dhamira, na hayo siyagusi. Hapa ni mwezi, matope na kiangazi. Kinachoweza kutoka ni mwanzo na sentensi ya jirani:

"Ila gari likifika shambani kwangu Machi, matope mpaka magotini, dalali akisema ongeza, naongeza. […] Kiangazi siongezi hata kiazi kimoja."

Mabano ya mraba yana kazi. Mara nyingi nukuu ndani ya makala tayari ina nukta tatu, na hujui kama ni mtafiti aliyekata au ni mshiriki aliyenyamaza akafikiri. Nukta zangu naziweka kwenye mabano, za mtafiti naziacha kama zilivyo, na mwanzoni mwa muhtasari naeleza tofauti hiyo kwa sentensi moja. Usikate nukuu ambayo mtafiti ameshaikata ukaunganisha vipande kana kwamba vilifuatana. Huko katikati palikuwa na kitu ambacho wewe hujakiona.

Mabano hayohayo hutumika kuongeza neno la kufafanua, na hapo Kiswahili kina mtego wake. Tuseme nukuu inaanza: "Inatumaliza." Nini inatumaliza? Barabara? Bei? Lumbesa? Mizani? Mvua? Zote tano zinachukua kiambishi kilekile, na zote tano zinamaliza watu wa Uporoto. Ukiandika "[Lumbesa] inatumaliza" kwa sababu makala inahusu lumbesa, umemtia mtu neno mdomoni. Rudi kwenye aya inayotangulia nukuu uone mtafiti alikuwa anazungumzia nini. Kama haisemi, acha "inatumaliza" peke yake au tafuta nukuu nyingine.

Kunakili pia kuna ajali za kijinga. Ukichukua maneno kutoka PDF yenye safu mbili, mstari wa safu ya kulia unaweza kuingia katikati ya nukuu ya kushoto, na neno lililokatwa na kistari mwishoni mwa mstari linabaki na kistari chake. Huwa nabandika, kisha nachagua maneno manne ya katikati ya nukuu yangu na kuyatafuta kwenye makala kwa Ctrl+F. Nikiyapata, nasoma nukuu yote kwa sauti huku kidole kikiwa kwenye skrini. Wakati mwingine kompyuta haiyapati kwa sababu ya kistari tu, kwa hiyo usishtuke. Tafuta maneno mawili badala ya manne. Halafu naandika namba ya ukurasa pembeni hapohapo, siyo baadaye. Baadaye haifiki.

Safari ya kwenda Kiingereza na kurudi

Hapa ndipo nilipochekwa, na hapa ndipo miongozo mingi ya kufupisha haifiki, kwa sababu waandishi wake wanafupisha Kiingereza kwa Kiingereza. Kwetu hali ni nyingine. Mkulima wa Rungwe anahojiwa kwa Kiswahili, pengine akichanganya Kinyakyusa au Kisafwa. Mazungumzo yananukuliwa kwenye karatasi, yanatafsiriwa kwa Kiingereza, yanachapishwa. Kisha mimi nayarudisha kwenye Kiswahili. Mpaka hapo maneno yamevuka mto mara mbili, na mara tatu kama yalianza kwa Kinyakyusa.

Mshiriki 7 wetu, akirudi kutoka Kiingereza mikononi mwa mfasiri mwangalifu, anafika akiwa hivi: "Siipendi lumbesa. Lakini lori linapowasili katika shamba langu mwezi Machi, tope likiwa limefika kwenye magoti, mtu wa kati anaponiambia niongeze, huwa ninaongeza." Huwezi kusema kuna kosa. Matope yapo, Machi ipo. Ila "nani anaipenda?" imedondoka njiani, "ongeza, naongeza" iliyokuwa kama kamba na mvuto wake imenyooshwa, na dalali amekuwa mtu wa kati. Anayeongea sasa ni karani.

Hatari zaidi ni maneno yenye maana mbili. Mshiriki 3 alisema: "Tunapigwa, sikatai. Ila anayetupiga ndiye aliyetukopesha mbolea." Kila msomaji wa Kiswahili anajua kupigwa huku ni kuibiwa kwa ujanja. Mfasiri mmoja atapeleka Kiingereza "tunadanganywa," nami nikiirudisha naandika tunadanganywa, na imepoa. Mfasiri mwingine atapeleka kipigo cha fimbo, na makala itamfanya msomaji wa nje adhani madalali wa Mbeya wanatembea na bakora. Ukikutana na kipigo cha ajabu kama hicho kwenye nukuu ya Kiingereza, unaweza kuhisi kilichosemwa. Lakini kuhisi siyo kunukuu. Hata kama nina uhakika wa asilimia tisini kwamba alisema "tunapigwa," siwezi kuliandika ndani ya alama za nukuu kama neno lake.

Kuna na jinsia. Kiswahili kinasema "alikuja akanikopesha" bila kutaja mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinamlazimisha mfasiri achague, na huchagua mwanamume karibu kila mara. Ukirudisha kwa kuandika "yule baba alikuja akanikopesha," umemwongezea dalali jinsia ambayo huenda mshiriki hakuitaja. Wanawake wanaokopesha mbolea na kukusanya viazi wapo, tunawajua.

Dawa bora ni kuomba maneno ya asili. Ukurasa wa kwanza wa makala huwa na barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano. Mwandikie barua fupi: sema unaandaa muhtasari wa Kiswahili, taja namba za washiriki na kurasa za nukuu nne tu, uliza kama anaweza kukupa maneno ya Kiswahili ya nukuu hizo peke yake. Usiombe mahojiano yote. Hawezi kukupa, kwa sababu ya ahadi ya siri aliyowapa washiriki, na ukiomba yote hatakupa hata hayo manne. Katika uzoefu wangu baadhi hujibu ndani ya wiki moja, wengine hawajibu kabisa, na mmoja alinijibu kwa furaha kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Asipojibu, zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa alama za nukuu na kuripoti: Mshiriki 7 alieleza kwamba huongeza gunia wakati wa mvua, matope yanapokuwa mengi, ila haongezi wakati wa kiangazi. Hapo unawajibika kwa maana peke yake, na hakuna anayedai kwamba ndivyo alivyotamka. Ya pili, kama sauti ya mshiriki inahitajika kweli, ni kuweka nukuu na kuandika mara moja chini yake kwamba ni tafsiri yako kutoka Kiingereza kilichochapishwa. Hapo unaweza kuandika dalali badala ya mtu wa kati, kwa kuwa tafsiri ni yako na dalali ndiyo Kiswahili chake. Usichoruhusiwa ni kuipamba ili isikike ya kijijini. Nimeona muhtasari ambamo mwandishi aliongeza "basi bwana" na "si unajua tena" kila baada ya sentensi mbili ili mkulima afanane na mkulima. Bora mtu wa kati mara mia.

Muhtasari unarudi nyumbani

Makala ya Kiingereza inaweza kumtambulisha mshiriki kama mjane wa miaka 52, katibu wa ushirika, kata fulani, na hakuna shida. Msomaji wa jarida hatamjua. Muhtasari wangu unasomwa mbele ya ofisi ya kijiji chake. Katibu wa ushirika aliye mjane yuko mmoja, na dalali aliyemsema amekaa benchi la pili.

Kwa hiyo ninavyokaribia nyumbani ndivyo ninavyopunguza maelezo. Katika kurasa za kusomwa kijijini nabakiza "mkulima, mwanamke" au "mkulima" peke yake, naacha umri na cheo, na kata zilizotajwa kwenye makala nazitaja kwa pamoja mwanzoni bila kuziunganisha na nukuu. Namba za washiriki nazibakiza kwenye nakala ya halmashauri. Nukuu yenye kisa ambacho kijiji kizima kinakijua, mfano lori fulani lililokwama mwaka fulani, siisomi hata ikiwa ndiyo bora kuliko zote. Sibadilishi maelezo yake ili kuificha, naichukua nyingine.

Mwisho nafanya ukaguzi mmoja. Nafunika nukuu zote kwa karatasi na kusoma kilichobaki. Kama dhamira hazieleweki bila nukuu, nilikuwa nawaachia washiriki wanifanyie kazi yangu. Kisha nafunika kilichobaki na kusoma nukuu peke yake: zikinipa picha iliyo tofauti na maelezo, kwa mfano zote ni za malalamiko wakati maelezo yanasema wakulima wanapima faida na hasara, nabadilisha nukuu.

Aya ya dhamira ya kwanza, katika nakala ya halmashauri ya mfano wetu, ingeishia hivi:

*Watafiti wanaona kwamba wakulima waliohojiwa hukubali lumbesa pale wanapokosa njia nyingine ya kutoa mzigo shambani, hasa wakati wa mvua. Mshiriki 7, mkulima mwanamke, anasema: "Ila gari likifika shambani kwangu Machi, matope mpaka magotini, dalali akisema ongeza, naongeza. […] Kiangazi siongezi hata kiazi kimoja." Hali si hiyo kwa kila aliyehojiwa: Mshiriki 19, ambaye shamba lake liko karibu na lami, alikataa na kuuza kwa ndoo barabarani. (Nukuu ni maneno ya Kiswahili ya mshiriki, kwa hisani ya watafiti.)*

Mabano yale ya mwisho ndiyo ninayoyahangaikia kuliko sentensi zote zilizotangulia. Siku nilipoyaandika kwa haki kwa mara ya kwanza, yule mzee alikuwepo tena mkutanoni. Nilisoma nukuu ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikamwangalia. Alikuwa anamnong'oneza jirani yake wakibishana ni nani kati yao aliyesema vile, na nikashukuru kwamba umri na kata nilikuwa nimeviacha nyumbani.